Rangi ya Bibi Harusi

Mama,

Picha za harusi ya Newala zimenifikia hapa Masasi. Umeomba nimfanye binti yako mweupe. Niwie radhi, hilo sitalifanya.

Ila ni kweli uso umetoka mweusi kuliko alivyo. Gauni jeupe liliifanya kamera ipunguze mwanga, na turubai la bluu likammwagia rangi yake mashavuni. Nitaiondoa hiyo bluu, kisha nitaongeza mwanga usoni pekee, nikilinganisha na ile picha ya asubuhi barazani. Nikizidisha, paji la uso litapauka kama majivu, na mikono itamsuta.

Nimeambatanisha moja ya mfano. Mwonyeshe yeye kwanza. Yeye hakuniomba weupe. Msiporidhika, nitarudisha malipo yote.