Ukitua baada ya saa sita usiku, chumba chako ni cha jana

Wasee, hii makosa niliifanya mwaka jana na mathe ndiye aliyelipia kwa mgongo wake. Naiandika ili mzazi wako asilale kwenye kiti.

Mathe anauza nguo Eastleigh. Alikuwa anaenda Bangkok kununua stoki pale Pratunam, nami nikamsindikiza. Tiketi na hoteli ni mimi niliyeshughulikia, si ndio mimi najua mtandao? Ndege ilikuwa inatoka JKIA Ijumaa saa tano na nusu asubuhi, safari ya karibu saa tisa. Bangkok iko mbele yetu kwa saa nne. Kwa hivyo kwetu ingekuwa saa mbili na nusu usiku Ijumaa, lakini huko ingekuwa tayari saa sita na nusu usiku, Jumamosi. Kwa tiketi iliandikwa `00:30 +1`. Hiyo `+1` inamaanisha unafika siku inayofuata.

Nikajiambia, sisi tunafika Jumamosi, basi tarehe ya kuingia ni Jumamosi. Hata nilijipongeza kwa sababu nilikuwa nimeokoa pesa ya usiku mmoja, kama shilingi elfu nne hivi.

Tukatua sawa. Foleni ya pasipoti, mizigo, teksi. Tukafika hotelini saa nane usiku. Dada wa mapokezi akaangalia kompyuta, akatuambia kwa upole kwamba chumba chetu kiko tayari kuanzia saa nane. Nikamwambia ndiyo, si ni saa nane sasa. Akasema saa nane mchana.

Nikaanza kubishana naye, lakini yeye alikuwa sahihi. Hoteli haiuzi siku ya kalenda, inauza usiku. "Jumamosi" ya hoteli inaanza Jumamosi mchana na kuisha Jumapili karibu saa sita mchana. Saa nane usiku ya Jumamosi bado ni sehemu ya usiku wa Ijumaa. Chumba chetu kilikuwa na mtu ndani, amelala, na alikuwa amelipia. Angetoka mchana, kisafishwe, ndipo tuingie. Nikauliza kama kuna kingine cha kulipia hapo hapo. Hakukuwa. Hoteli ilikuwa imejaa.

Mathe hakuniambia kitu. Alivua viatu, miguu imefura kwa ile ndege, akajikunja kwenye kochi la mapokezi na leso yake. Usiku wote uliobaki. Asubuhi aliamka akaenda sokoni bila kuoga.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kilikuwa na jibu tayari. Sisi husema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukiweza kusema hivyo, unajua usiku huo ulianza Ijumaa jioni. Kwa hivyo usijiulize ndege inatua tarehe gani. Jiulize, kitanda ninachotaka kulalia, watu wengine walikilalia kuanzia jioni ya tarehe gani? Hiyo ndiyo tarehe ya kuweka kwenye `Check-in`. Sisi tulitua Jumamosi, lakini tulipaswa kulipia Ijumaa.

Sasa usikimbie hapo, kuna shimo la pili. Ukiweka Ijumaa na usiwaambie kitu, wao wanakungoja Ijumaa jioni. Hoteli nyingi hufunga hesabu za siku katikati ya usiku, na mgeni ambaye hajatokea huandikwa `no-show`. Hapo wanaweza kukukata pesa ya usiku wa kwanza na kufuta siku zako zote zilizobaki. Unafika na risiti mkononi na chumba hakipo.

Dawa ni ujumbe mfupi. Safari iliyofuata, ratiba ilikuwa ile ile, nikawaandikia hivi: "Tunaingia kwa usiku wa Ijumaa, lakini tutafika Jumamosi saa nane usiku. Tafadhali msifute." Nikaongeza namba ya ndege, ili ikichelewa waweze kuangalia. Nikangoja wajibu, nikapiga picha ya lile jibu. Ukiwaandikia kwa Kiingereza andika `2:00 AM`, kwa sababu saa nane yetu ndiyo ilinichanganya hata mimi.

Kama unatua saa kumi na moja alfajiri, hapo fikiria upya. Usiku umeisha, na pengine unahitaji tu mahali pa kuacha mizigo. Uliza kama wanaweza kukuingiza mapema na kwa bei gani. Lakini ukitua saa sita, saa saba, saa nane usiku, lipia huo usiku. Safari ya pili mathe aliingia chumbani, akafunga mlango, na sikumsikia tena hadi saa tatu asubuhi.