Katana: Doa la maji kwenye plafo halifunikwi na rangi ya maji

Familia moja iliyorudi Katana, wilayani Kabare, ilikuta manjanja ya nyumba yao yana matundu, na plafo ya chumba cha watoto ina doa la kahawia lenye upana wa sinia. Baba aliziba matundu, akanunua rangi nyeupe ya maji, akapaka. Kesho yake doa likaonekana tena. Akapaka mara ya pili, likarudi. Pesa ya rangi ikawa imeisha, na ndani ya nyumba mabishano yakaanza: mama akisema manjanja bado yanavuja, baba akikataa.

Fundi waliyemwita hakufungua ndoo ya rangi. Alichukua kalamu ya risasi, akachora mstari kuzunguka ukingo wa doa, akawaambia wangoje mvua. Mvua kubwa ilinyesha mara mbili na doa halikuvuka mstari. Kwa hiyo manjanja yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa kwenye rangi.

Maji yanayopita juu ya plafo hubeba kutu, vumbi na utomvu wa mbao za tripuleksi. Yakikauka, uchafu huo unabaki, zaidi kwenye ukingo. Ndiyo sababu doa huwa na duara jeusi-jeusi. Ukipaka rangi ya maji, unaulowesha upya. Rangi inapokauka, maji yake yanatoka kwa upande wa chini, na uchafu unayafuata hadi juu ya rangi mpya. Hata ukipaka mara tano, ni hivyo hivyo.

Dawa yake ni rangi ya kwanza ya kuzuia madoa, ile ya mafuta. Haina maji, basi haiyeyushi uchafu, inaufungia ndani. Asiyeipata dukani anaweza kutumia rangi nyeupe ya mafuta isiyong'aa.

Fundi alisubiri plafo ikauke kabisa. Alibandika kipande cha plastiki juu ya doa usiku mzima. Asubuhi hakikuwa na matone ndani, basi akaendelea. Alikwangua rangi iliyoachana, akafuta vumbi, akapaka ile ya mafuta kupita ukingo wa doa kwa upana wa kiganja. Madirisha yalikuwa wazi na mbabula ilitolewa nje, kwa maana harufu ya rangi hiyo inashika moto na inaumiza kifua. Watoto walilala chumba kingine.

Siku iliyofuata kivuli cha manjano kilionekana kidogo, akarudia mara moja. Ilipokauka, alisugua polepole kwa msasa ili rangi ya juu ishike, kisha akapaka plafo yote kwa rangi ya maji.

Tripuleksi iliyovimba au kulegea haiponi kwa rangi, hiyo inabadilishwa. Na doa likivuka mstari wa kalamu, panda kwanza juu ya manjanja, ukatazame misumari.