Barua Kavu ya Saba Saba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ofisi imefungwa, nusu ya jiji iko viwanja vya maonesho Kilwa Road, mimi niko nyumbani nafua. Karibu saa tano mzee wa stoo akanitumia picha ya barua pepe ya meneja wetu wa London, na chini yake swali: "Mwanangu, huyu ananifukuza?" Nainakili hapa kama ilivyo.

```
J,
The June count was due Friday. I still don't have it.
Per my note on Thursday, the battery variance
needs explaining. Please send both by COB tomorrow.
Copying Finance.
R.
```

Kumbe alishawauliza watu wawili kabla yangu. Dereva kamwambia bosi kawaka, afunge virago. Dada wa uhasibu kamwambia ni ukumbusho tu wa ripoti, ale sikukuu yake kwa raha. Yaani mzee ana barua moja na tafsiri mbili, moja imemkosesha hamu ya chai na nyingine ingemfanya alale mpaka Jumatano.

Nimemwandikia hivi, maudhui kwanza, sauti baadaye, visichanganyike:

"Shikamoo mzee. Meneja anataka vitu viwili. Cha kwanza ni ripoti ya kuhesabu mali ya Juni, iliyotakiwa Ijumaa, ambayo mpaka sasa hajaipata. Cha pili ni maelezo ya tofauti ya betri, aliyokuuliza tangu Alhamisi. Vyote vimfikie kesho Jumanne kabla ya saa moja usiku. Uhasibu wamepewa nakala.

Kuhusu sauti: amekerwa na kuchelewa. Hajakutuhumu wizi na hajataja adhabu yoyote. Ila jambo hili sasa si lenu wawili tu."

Saa moja usiku niliipata hivi: COB ni mwisho wa saa za kazi, na anayeandika huhesabu saa zake. Ofisi yao hufunga saa kumi na moja jioni, na majira haya London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ingekuwa Desemba ningemwambia saa mbili usiku.

Usiku

Mzee kapiga simu. Anataka kujua nimejuaje kwamba meneja amekerwa na si kwamba amewaka. Swali zuri. Nikamwomba anitumie barua za nyuma za meneja huyohuyo, kwa sababu ufupi peke yake hauna maana. Wapo watu huandika mistari miwili hata wakiwa na furaha.

Za Mei zote zinaanza na "Hi J," na kumalizika na "Thanks". Nazo ni fupi vilevile, wala haulizi habari za nyumbani. Kwa hiyo kutokuulizwa hali, jambo lililomuuma mzee kuliko yote, si dalili ya chochote. Ndivyo anavyoandika siku zote. Kilichobadilika ni salamu kubaki herufi moja na shukrani kutoweka. Hapo ndipo nilipoona kero.

Dalili ya pili ni "still". Bila neno hilo sentensi ingekuwa taarifa tu, lakini nalo inasema nilikuwa nangoja. Ya tatu ni kukumbushiwa Alhamisi, ambayo maana yake ni nilishakuuliza, usiseme hukujua. Nzito kuliko zote ni sentensi ya maneno mawili kuhusu uhasibu. Dada wa uhasibu aliipita bila kuigusa, labda kwa sababu yeye ndiye mwenye kupewa nakala.

Kinachopunguza makali kipo pia. Meneja hakuandika "hujaleta", kaandika kwamba yeye hana. Na tofauti ya betri "inahitaji maelezo", hakutajwa mtu wa kuieleza wala wa kulaumiwa. Kwenye hesabu za stoo kila tofauti kati ya kitabu na rafu hudaiwa maelezo, hata mali ikizidi. Mzee ameshika funguo miaka mingi, hili analijua vizuri, ila likija kwa Kiingereza analisikia kama kesi.

Tulibishana kidogo juu ya "Please". Yeye alishikilia kwamba mtu anayeomba hana ubavu wa kulazimisha. Nikamuuliza: barua ya halmashauri ikikwambia "unaombwa kuwasilisha stakabadhi", hiari iko wapi? Akacheka. Tangu hapo akaanza kuielewa barua nzima, maana barua za kiofisi za Kiswahili anazijua. Hata za kwetu huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na "Rejea barua yangu ya tarehe fulani", na hakuna anayekimbia mji kwa sababu hiyo. Kwa hiyo sikuweka "tafadhali" wala "anaomba" kwenye muhtasari. "Anaomba" lingelegeza agizo, na "tafadhali" kwa masikio ya mzee ni neno la kumkanya mtoto. Nimeandika "anataka", ndilo lenye uzito uleule.

Jumanne, 8 Julai

Stoo tangu asubuhi. Mfumo unasema betri 212, rafuni ziko 198. Zimepungua 14. Kabla ya saa sita tumeipata hati ya kutolea mizigo ya Jumamosi tarehe 28 Juni: betri 14 kwenda Morogoro, sahihi ya mteja ipo, ila haikuingizwa kwenye mfumo. Ripoti yenyewe ilikuwa tayari tangu Ijumaa. Mzee aliishikilia akitaka kwanza aitafute sababu ya betri, na hakumwambia mtu.

Rasimu yake ya jibu ilianza kwa kuomba radhi sana, ikaeleza presha ya mkewe, ikamalizikia na baraka kwa familia ya meneja. Kwetu huo ni uungwana. Kwa msomaji huyu majibu yangezikwa humo, naye angedhani anakwepwa. Tumebakiza sentensi nne: pole moja kwa kuchelewa, ripoti imeambatishwa, betri 14 zilitoka tarehe 28 Juni bila kuingizwa na hati imeambatishwa, leo zimeingizwa. Nikaongeza kwamba jana ilikuwa sikukuu ya taifa, ili ajue ukimya wa Jumatatu haukuwa dharau.

Mzee alitaka kumjibu meneja peke yake, aibu isisambae. Nimemkatalia. Ukiwaondoa uhasibu kwenye jibu wakati yeye amewaingiza, itaonekana kuna kitu unakificha. Imekwenda kwa wote saa tisa alasiri.

Jumatano, 9 Julai

Jibu: "Hi J, thanks, clear." Salamu na shukrani zimerudi. Dereva anasema hata hapo amenuna, maneno manne tu. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Ijumaa, 11 Julai

Mzee bado anashikilia kwamba salamu haigharimu kitu na mtu mzima hapaswi kuitwa kwa herufi. Sikumpinga. Kuelewa sauti ya meneja hakumlazimishi kuipenda, nami kazi yangu haikuwa kumtetea wa London. Nilichomwomba ni kimoja: ripoti ikichelewa, atume mstari mmoja siku ileile kusema iko wapi. Akakubali, kwa sharti kwamba mstari huo nimwandikie mimi. Nimemwandikia mitatu tofauti, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la funguo. Meneja naye nimemtumia orodha ya sikukuu zetu mpaka Desemba, kuanzia na Nane Nane.