Kabla Hujashuka Saiba

Kericho, Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwa simu kwamba matokeo yako ya KCSE ni mazuri, na kwamba dirisha la KUCCPS likifunguliwa utashuka sokoni kwenye saiba uchague kozi, kisha uombe mkopo wa HELB. Kabambe yako haiwezi kazi hiyo, hilo naelewa. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya saiba hapa mjini kwa miaka mingi, na najua wateja huacha nini kwenye mashine wakishalipa na kuondoka. Ndiyo sababu nakuandikia kabla hujaenda.

Anza na barua pepe. Ukifika saiba bila anwani yako, mhudumu anayeona foleni imefika mlangoni atakuambia, "Lete jina, nikufungulie." Atakuwekea nywila ile ile anayowawekea wote. Google ikidai namba ya simu, ataandika yake, maana ndiyo iliyo mkononi mwake. Mara nyingi hana nia mbaya, anataka tu foleni isonge. Lakini tangu dakika hiyo akaunti ni yake, nawe umeazimwa.

Kijana mmoja aliyefunguliwa hivyo katika duka jingine alikuja kwangu baadaye. Alikuwa amesahau nywila ya HELB. Tukabonyeza "Forgot password", na HELB ikatuma ujumbe kwenye barua pepe yake. Tukaenda kwenye barua pepe, nayo nywila yake hakuijua. Google ikasema itatuma msimbo kwa simu, ikaonyesha tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo. Hazikuwa zake. Mhudumu aliyemfungulia alikuwa ameacha kazi, na hakuna aliyejua alikokwenda. Basi kijana akapoteza barua pepe, na kila akaunti iliyotegemea anwani ile ikabidi airudie upya, ofisi kwa ofisi, kitambulisho mkononi. Angalia mnyororo huo vizuri: anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote, na anayeshika namba ya simu iliyoandikwa humo anaweza kuichukua barua pepe yenyewe.

Kwa hiyo akaunti ya Gmail ifungue nyumbani kwa simu ya mama yako, na namba utakayoandika iwe ya laini yako. Kabambe hupokea SMS sawasawa na simu ya bei ghali, na msimbo ni SMS tu. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiipata nywila yako bado adaiwe msimbo unaoingia kwenye simu yako.

Sasa tuseme umeketi saiba na umeingia. Kivinjari kitakuuliza kama kihifadhi nywila. Kataa. Ukiingiza msimbo wa hatua mbili, tazama chini ya kisanduku: kuna maneno "Don't ask again on this device", na mara nyingi alama ya tiki imeshawekwa. Iondoe. Ukiiacha, mashine ile itaaminiwa kana kwamba ni yako, na anayeijua nywila ataingia kupitia hapo bila kudaiwa msimbo. Ukimaliza, usifunge dirisha tu ukaondoka. Kufunga dirisha si kutoka. Anayeketi baada yako akifungua Gmail anaweza kukuta sanduku lako wazi. Bonyeza picha yako juu kulia, kisha "Sign out". Ukipenda, tangu mwanzo, kwenye Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N pamoja ufungue dirisha la faragha, ambalo husahau uliyofungua madirisha yake yote yakishafungwa.

Lakini dirisha la faragha halifuti faili ulizopakua, na hapa ndipo nilipoona hasara kubwa zaidi. Jioni nilipokuwa nafunga duka nilikuta folda ya Downloads imejaa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za matokeo za watu wa siku nzima. Wewe fikiria KUCCPS inakutambua kwa nini: namba yako ya mtihani, mwaka uliofanya, na nywila ambayo kwa kawaida ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE. Zote ziko kwenye karatasi hizo. Anayezikuta anaweza kuingia na kukubadilishia kozi dirisha likiwa bado wazi, nawe ukagundua majina yanapotangazwa. Basi kabla ya kuinuka, fungua Downloads, teua faili zako, bonyeza Shift na Delete pamoja ili zisipitie kapu la taka. Uliza pia mashine ya kuskeni huhifadhi nakala zake wapi. Na kabla siku ya mwisho ya dirisha haijafika, ingia tena kwa simu ya mama yako uone kozi zako ziko kama ulivyoziacha.

Kuna hatari moja ambayo usafi huo wote hauizuii. Kompyuta inaweza kuwekewa programu inayonasa kila herufi unayobonyeza. Kijana mmoja huko New York aliweka programu za namna hiyo kwa siri kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha ya Kinko's, na hadi mwishoni mwa 2002 alikuwa amekusanya majina na nywila zaidi ya 450. Aligunduliwa pale mteja mmoja, akiwa nyumbani kwake, alipoona kishale kwenye skrini kinatembea peke yake na kufungua faili. Kuna pia vifaa vidogo vya aina hiyo vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta. Mwaka 2011 vilipatikana kwenye maktaba za Wilmslow na Handforth, Uingereza. Kwa hiyo inama utazame nyuma ya mashine, waya wa kibodi umeingia wapi. Ukiona kipande cha ziada katikati, hama. Ila programu huwezi kuiona kwa macho, na "Sign out" haifuti kilichokwisha kunaswa. Kinga iliyobaki ni msimbo wa simu, na kubadilisha nywila ukifika nyumbani, kwa simu, siku hiyo hiyo. Akaunti ya benki usiifungue saiba kabisa, na PIN ya M-Pesa usiiandike kwenye kompyuta ya mtu.

Ukishuku kuna aliyeingia, fungua Gmail kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, ushuke hadi chini kabisa kulia, ubonyeze "Details". Utaona saa na mahali akaunti ilipofunguliwa hivi karibuni, na papo hapo unaweza kuwatoa wote waliobaki ndani. Badilisha nywila baada ya hapo. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta inaweza kumtoza anayeingia bila idhini faini hadi shilingi milioni 5 au kumfunga hadi miaka 3, lakini hukumu hiyo haitakurudishia kozi dirisha likishafungwa.

Ukitaka kuchapisha tu, huna haja ya kufungua akaunti yoyote. Tuma faili hiyo moja kwa anwani ya duka ukiwa nyumbani, kisha ukifika dukani simama mpaka waifute.

Nenda asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, usije ukaharakishwa. Mhudumu akitaka kushika kipanya akujazie, mshukuru, umwombe akuelekeze kwa mdomo, na nywila uiandike kwa mkono wako mwenyewe. Ukikwama, nipigie ukiwa bado kwenye kiti.

Wako akupendaye,
Mjomba