Pasi Ilisingiziwa

Mwezi Januari, hapa Minneapolis, breka ya chumba chetu cha kulala ilikuwa ikijikata karibu kila asubuhi. Mwezi huohuo mama alinipigia kutoka Dar es Salaam akaniambia, "Mwanangu, pasi hii imeniharibia umeme. Nikiichomeka tu, nyumba nzima giza." Nilidhani tunaugua ugonjwa mmoja. Haikuwa hivyo.

Huku kwetu tatizo lilikuwa uzito. Soketi za vyumbani Marekani zina volti 120, na breka yetu ni ya ampea 15, kwa hiyo laini nzima inabeba wati 1,800 tu. Hita ya kupasha chumba ina wati 1,500, sawa na ampea 12 na nusu. Mke wangu akichomeka pasi ya wati 1,200 kwenye laini hiyohiyo, zinaongezeka ampea 10. Breka haikati papo hapo. Ndani yake kuna kipande cha metali kinachopinda kadiri kinavyopata joto, nacho huchukua muda kabla ya kuachia. Ukiona breka inavumilia dakika moja au mbili ndipo ianguke, shuku mzigo. Tulihamishia pasi kwenye soketi ya laini nyingine, tatizo likaisha.

Kwa mama hesabu ilikataa. Nyumbani umeme ni volti 230, na breka ya soketi zake ni ya ampea 20, yaani wati 4,600. Pasi na jagi la kuchemshia maji kwa pamoja havifiki wati 3,500. Tena breka ndogo ya soketi haikuwa inaanguka kabisa. Iliyoanguka ni ile pana ya mwanzo, yenye kitufe kilichoandikwa T, na ilianguka papo hapo. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha ile ya ampea 20 aweke ya 32. Nilimsihi mama asikubali. Waya wake wa milimita 2.5 umetoka kwenye boksi na kuishia kwenye soketi ya mwisho, na waya wa namna hiyo hauwezi kulindwa na breka ya 32. Ungechemka ndani ya ukuta huku breka imetulia.

Breka yenye kitufe cha T haipimi uzito. Inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Viwango hivyo vikipishana kwa kiasi cha miliampea 30, inajua kuna umeme unaopotelea kwenye ethi, labda kupitia mwili wa mtu, nayo inakata. Huku Marekani kinga ya aina hii mara nyingi imo ndani ya soketi yenyewe ya jikoni au bafuni, na hukata kwenye miliampea 5 hivi. Soketi iliyokata inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Kwa mama, breka moja inalinda nyumba nzima, kwa hiyo kosa la chombo kimoja linazima vyote.

Vyombo vya kushukiwa kwanza ni vile vinavyogusana na maji: hita ya maji ya bafuni, jagi, mashine ya kufulia, kisha friji kuukuu. Mama alichomoa kila chombo chenye plagi na kukirudisha kimoja kimoja. Pasi ikaangusha tena, na jagi nalo likaangusha. Vyombo viwili kuharibika kwa pamoja ni jambo la nadra.

Nikamuuliza kuhusu hita ya maji. Akanijibu, "Hiyo nimeizima tangu Novemba. Joto lote hili nani aoge maji ya moto?" Alikuwa ameizima kwenye breka yake ndogo, na hapo ndipo fundi wa kwanza alipopotea. Breka ndogo hukata waya wa moto tu. Nyutro ya hita ilibaki imeungana na nyutro ya nyumba nzima. Koili yake ilikuwa imeliwa na maji ya kisima, ambayo kwa mama yana chumvi, ikapasuka karibu na ncha ya nyutro. Chombo kizito kilipowaka popote ndani ya nyumba, sehemu ya umeme unaorudi ilipitia ule ufa na kuingia kwenye ethi. Taa na feni ni vyepesi, havikutosha kuiangusha breka. Pasi ilitosha.

Fundi wa pili alizima meinswichi, akafungua waya zote mbili za hita, akapima koili na ethi kwa mega. Ikasoma karibu sifuri, wakati inapaswa kuzidi megaomu 1. Waya zilipokaa nje, pasi na jagi viliwaka pamoja bila shida. Koili mpya ilipatikana Kariakoo, na safari hii hita imewekewa swichi inayokata moto na nyutro kwa pamoja.

Kama breka yako ya T inaanguka na kila chombo kinasingiziwa, mwambie fundi asiishie kuzima hita kwenye breka. Azime meinswichi, afungue waya zake zote mbili, ndipo ajaribu tena.