Saa Nne Usiku wa Jumamosi, Nani Yuko Kazini?

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo ndogo za huku Airport na Port Reitz, Mombasa: wenye teksi, nyumba za wageni, maajenti wa kutoa mizigo bandarini. Niliianza kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika hapa mwaka 2009, na wakati huo hakukuwa na suala la kuchagua kampuni ya kuhosti. Kampuni za ughaibuni zilitaka kadi ya benki, na kadi mtaani walikuwa nayo wachache. Ukimpata mwenye kadi, kampuni anayoitumia yeye ndiyo hiyo hiyo yako.

Mambo yalibadilika intaneti iliposhuka bei na kampuni za hapa nchini zilipoanza kupokea malipo kwa M-Pesa. Ghafla kila mmoja akawa na tangazo, na kila tangazo likawa na namba moja kubwa: shilingi kadhaa kwa mwaka. Wateja wangu walikuja wameishika namba hiyo. Haikuwa ajabu, maana ukiweka matangazo mawili pembeni kwa pembeni, namba hiyo ndiyo kitu pekee kinacholinganishika. Kampuni zote ziliahidi nafasi isiyo na kikomo, zote ziliahidi msaada wa saa 24, zote ziliahidi kurudisha pesa. Kilichozitofautisha kilikuwa kwenye ukurasa wa masharti, na ukurasa huo hakuna aliyeufungua.

Chama kimoja cha wenye teksi wa uwanja wa ndege ndicho kilichonifanya niufungue. Tovuti yao haikuwa ya mapambo. Mgeni aliyeko Ujerumani au Italia alijaza fomu: namba ya ndege, hoteli anayokwenda, idadi ya watu na masanduku. Fomu ikaingia kwenye barua pepe ya chama, na zamu ya usiku ikapanga gari. Wageni hao hukaa kujaza fomu jioni yao baada ya kazi, ambayo kwetu ni usiku, na ndege nyingi za kukodi zilikuwa zikitua uwanja wa Moi alfajiri. Kwa hiyo tovuti ikilala Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi kuna familia imesimama nje ya uwanja na watoto na mizigo, na gari haipo.

Ilikuwa Disemba, msimu wenyewe wa wageni. Jumamosi saa nne usiku tovuti ikaacha kufunguka, na barua pepe nazo zikakwama kwa sababu zilikaa kwenye seva hiyo hiyo. Chama kilikuwa kimeichagua kampuni ile mwezi uliotangulia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Nikafungua tiketi ya kuomba msaada. Jibu lilikuja papo hapo, na papo hapo nikajua ni la mashine: asante kwa kuwasiliana nasi, ombi lako tumelipokea.

Hapo ndipo nilipoyasoma masharti yao neno kwa neno. Msaada wa saa 24 maana yake ilikuwa kwamba tiketi inapokelewa saa 24. Mafundi wenyewe walifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa saa za jimbo la Utah, Marekani. Wakati wa baridi Utah iko nyuma yetu kwa saa kumi. Fundi wao akiketi kazini saa tatu asubuhi ya Jumatatu, huku Airport ni saa moja usiku ya Jumatatu. Tiketi niliyotuma Jumamosi saa nne usiku isingetazamwa na mtu kabla ya saa 45 kupita, na hapo ni kama yangu ingekuwa ya kwanza kwenye foleni.

Mwenyekiti wa chama, dereva mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee, hakutaka mengi. "Basi waturudishie pesa zetu, mwanangu, tuhame."

Tulikuwa bado ndani ya siku 30 za ahadi ya kurudishiwa. Nikasoma na sehemu hiyo. Chama kililipa shilingi 1,500 kwa mwaka, na jina la tovuti, la .com, likatolewa "bure". Masharti yalisema kwamba mteja akiondoka, bei ya kawaida ya jina inakatwa kwenye pesa anazorudishiwa, kwa sababu kampuni ilishalilipia kwa msajili. Bei hiyo ilikuwa 1,300. Zilibaki 200. Nazo hazikurudi kwenye simu. Ziliwekwa kama salio kwenye akaunti ya mteja, kununulia huduma nyingine za kampuni ile ile.

"Mia mbili," alisema Mzee, "na bado haziji mkononi?"

Niseme haki: kukata bei ya jina si wizi. Ni jambo la kawaida katika biashara hii, kampuni kubwa za dunia hulifanya, na jina linabaki kuwa lako. Ubaya ni kulijua siku ya kuondoka. Tangu hapo nikiona jina la bure, hulihesabu kama deni mpaka nione limeandikwaje. Natazama pia siku zinahesabiwa kuanzia lini. Mara nyingi ni siku ya kulipa, si siku tovuti inapoanza kufanya kazi. Mteja anayengoja picha na maandishi kwa mwezi mzima humaliza muda wake hajapata hata nafasi ya kuijaribu seva.

Jambo moja lilituokoa. Jina jipya la .com halihamishiki kwenda kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, na wengi hudhani kwa sababu hiyo wamefungwa. Hawajafungwa. Unaliacha pale lilipo, unabadilisha tu neimseva zake zielekee kwenye kampuni mpya, na tovuti inahama. Seva ilipoamka Jumanne, kabla ya kufanya lolote nilishusha nakala kamili ya mafaili na hifadhidata kupitia cPanel, nikaiweka kwenye kompyuta yangu. Kisha tukaanza kutafuta.

Safari hii Mzee mwenyewe aliketi nami. Tulibaki na kampuni mbili. Ya kwanza ilitoza 1,200 mwaka wa kwanza. Kwenye masharti, bei ya kuhuisha ilikuwa 4,800. Ya pili ilitoza 3,500 kila mwaka. Kwa miaka mitatu ya kwanza utalipa 10,800, ya pili 10,500. Ile iliyoonekana rahisi karibu mara tatu ilikuwa ghali zaidi. Mzee alirudia kuzijumlisha kwa kalamu.

Mapitio ya wateja ndiyo yaliyotuchukua muda mrefu. Orodha za "kampuni kumi bora" niliziacha kando, kwa sababu nyingi hulipwa kamisheni kwa kila mteja anayebofya na kununua, na anayelipa kamisheni nono hupanda juu. Mapitio ya nyota tano yaliyoandikwa wiki ya kwanza nayo hayana mengi. Mtu hajawahi kuomba msaada, anasifu nini? Nilitafuta ya nyota mbili na tatu, kwa kuwa waandishi wake hueleza kilichotokea, na nilitafuta ya watu waliofika mwaka wa pili, maana hao wamekutana na bei ya kuhuisha. Kisha nikasoma namna kampuni ilivyojibu. Jibu linalosema "samahani, tuandikie" kwa kila mtu ni sawa na kutojibu. Jibu linalotaja tatizo lenyewe na lilivyotatuliwa linaonyesha kuna mtu nyuma ya meza.

Na kwa kila kampuni niliuliza: mwenye kampuni ni nani? Agosti 2013 kituo kimoja cha seva mjini Provo, huko huko Utah, kilipata hitilafu, na Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost zikaanguka siku moja. Majina manne yenye mapitio tofauti, mmiliki mmoja wakati huo, Endurance. Aliyekimbia jina moja akaingia la pili kwa kusoma mapitio tu alikuwa hajahama.

Mwisho tulifanya jaribio. Jumamosi, saa nne za usiku, kabla ya kulipa hata senti, nilizitumia kampuni zote mbili swali moja: tukitaka barua pepe zikae kwingine na tovuti ibaki kwenu, tubadilishe nini, na je, bekapu mnaziweka siku ngapi, nani anazirudisha, kwa bei gani? Swali hili nililichagua kwa makusudi. Muuzaji wa kwenye dirisha la maongezi hawezi kulijibu, lazima alipeleke kwa fundi. Ile ya rahisi ilijibu haraka sana kwamba huduma zao ni bora na ikanipa kiungo cha kulipia. Ya pili ilinyamaza kwa muda, kisha kabla ya saa sita usiku fundi akaandika: badilisha rekodi ya MX peke yake, usiguse ile ya A, bekapu ni za siku saba, kurudisha mara moja kwa mwezi ni bure, zaidi ya hapo inalipiwa. Hakudai kwamba wanafanya kila kitu. Nilimsomea Mzee jibu lile kwa simu, akasema tulipe.

Barua pepe tukazitenganisha na tovuti, ili moja ikianguka nyingine ibaki imesimama.

Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, hazikurudi mpaka Agosti mosi. Airport ikawa kimya, teksi zikaegeshwa majumbani. Wanachama walitaka tovuti izimwe kuokoa pesa. Nikarudi kwenye masharti, safari hii nikijua pa kutazama: pesa hazirudishwi baada ya siku 30, lakini mteja anaruhusiwa kushuka kwenye kifurushi kidogo na tofauti ikabaki kama salio. Tukashuka. Salio likalipia sehemu ya mwaka uliofuata.

Chama bado kiko na kampuni hiyo, ingawa bei imepanda na kuna za rahisi zaidi. Masharti hubadilika, kwa hiyo kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya kuhuisha, huyasoma upya na kutuma swali moja usiku wa Jumamosi. Siku jibu la mtu litakaposubiri Jumatatu, tutahama. Bekapu ninayo, na jina limeandikwa kwa chama. Nawe kama unakaribia kulipia tovuti ya biashara inayofanya kazi usiku, tuma swali lako kwanza, usiku, na ulipe baada ya kujibiwa.