Maneno Chini ya Picha

Maneno ya chini ya picha ni machache, na kwa sababu hiyo hayana pa kujificha. Tulijifunza hayo sisi watoto wanne, tulipotakiwa kuandika mistari mitano ya kuwekwa kwenye fremu ya picha ya Baba na Mama, walipotimiza miaka 40 ya ndoa.

Kwanza tuliletewa sentensi nzurinzuri: upendo wa kweli, mfano wa kuigwa, wazazi bora. Dada yetu akafunika majina kwa kiganja, akauliza, “Sasa hawa ni akina nani?” Hakuna aliyejibu. Maneno yale yangeweza kutundikwa katika nyumba yoyote. Tena picha yenyewe ilikwisha kuonyesha tabasamu, keki na vitenge vya sare. Kilichobaki kwetu ni kusema yale ambayo jicho halioni.

Basi tukarudi mwaka 1984. Ilikuwa miaka ya uhaba, sukari ikipatikana kwa mgawo. Suti ya Baba iliazimwa kwa mjomba, na chai ya harusi ilikolezwa kwa sukari ambayo Bibi aliikusanya kikombe kwa kikombe kutoka kwa majirani. Hiyo ilikuwa harusi yao, si ya mtu mwingine.

Pagumu palikuwa kwenye idadi ya watoto. Pichani tuko wanne, lakini Mama alizaa watano. Mdogo wetu mmoja alifariki kwa surua akiwa na miaka mitatu, na kaburi lake liko kihambani, chini ya migomba. Mmoja wetu alisema tusimlize Mama siku ya furaha. Kaka mkubwa akatuuliza, “Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu nini?” Sote tulijua. Hujibu watano.

Musa alipowakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani, hakutaja mana peke yake. Alitaja na njaa. Shukrani inayoruka njaa haijui ilishibishwa nini. Wazazi wetu nao waliahidiana madhabahuni kwa raha na kwa shida, nasi hatukuwa na haki ya kufuta nusu ya ahadi hiyo ili picha ipendeze.

Tuliandika hivi:

“Baba na Mama. Walifunga ndoa mwaka 1984, kwa suti ya kuazima na sukari ya majirani. Mungu aliwapa watoto watano: wanne tuko hapa, mmoja amelala katika Bwana. Kwa miaka 40 hawajazima taa bila kusali pamoja. Asante, Mungu.”

Mama aliyasoma kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye neno “watano” aliweka kidole juu yake, akanyamaza kidogo. Kisha akamwita Baba, “Njoo uone, wametuandika sote.”